Mlango wa kabati haufungi mpaka mwisho tangu uwekewe dampa

"Shikamoo fundi. Jiko letu hapa Mbezi Beach lina milango 11 ya kabati. Sita ya juu ni ya melamini, ina zile bawaba za kikombe za zamani. Mitano ya chini ni ya mninga, imekaa ndani ya fremu, ina bawaba za kawaida na inashikwa na sumaku. Yote inapiga kelele, na mwanangu wa miaka 3 ameshabanwa kidole mara mbili. Nilinunua pakiti ya dampa 10 za kubandika nikaanza na milango miwili ya chini. Kelele imekwisha, ila sasa milango haifungi: inabaki wazi upana wa kidole. Nitafute dampa bora zaidi, au ning'oe bawaba zote niweke za kufunga polepole?"

Marahaba, dada. Dampa zako hazina ubovu, usizirudishe dukani. Ulizifunga mahali ambapo hata dampa ya bei ghali ingefanya vilevile. Zing'oe huko chini uzipeleke juu, kwenye milango ya melamini, na nyingi kati yake zitafanya kazi siku hiyohiyo. Milango ya mninga ina dawa yake nyingine, nitaifikia.

Dampa ni silinda ndogo yenye mafuta mazito na pistoni ndani. Ukiisukuma kwa kasi, mafuta hayawahi kupita kwenye kitundu chembamba, kwa hiyo inakataa. Ukiisukuma taratibu yanapita na ncha inaingia. Ndani yake kuna pia springi ndogo inayoirudisha ncha nje mlango unapofunguliwa, ili iwe tayari kwa mara nyingine. Ukitazama vizuri utaona kwamba kila kilichomo kwenye hicho kidude kinasukuma upande mmoja tu, upande wa kuufungua mlango. Dampa haifungi kitu. Inamkawiza yule anayefunga.

Sasa kwenye kabati lako nani anayefunga? Juu kuna anayefunga. Bawaba ya kikombe ina springi ndani ya mkono wake, na mlango ukishafika karibu na kabati springi hiyo inauvuta mpaka mwisho na kuushikilia hapo. Dampa ikimkawiza, springi inaendelea kuvuta, na baada ya sekunde moja au mbili ncha imezama na mlango umekaa. Chini hakuna springi. Bawaba ya majani mawili ni pini na vyuma viwili tu, mlango unakwenda kwa nguvu ya mkono wako, na mwisho sumaku inaunasa. Lakini sumaku ya kabati ina nguvu kwenye milimita chache za mwisho tu. Ncha ya dampa nyingi za kubandika inatokeza kama milimita 10. Mkono unausukuma mlango, dampa inaula mwendo wote, mlango unasimama kabla sumaku haijaona chuma. Ule upana wa kidole unaouona ni urefu wa ncha ya dampa iliyobaki nje.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kila mlango ufanyie jaribio hili. Uache wazi upana wa vidole vitatu ukingoni, uachie, usiuguse. Ukijivuta wenyewe na kufunga kwa nguvu, dampa itaufaa. Ukijivuta kwa uchovu na kusimama njiani, springi imechoka au mlango unakwaruza mahali, na dampa itauzidishia ugonjwa. Ukibaki pale ulipouacha, hauna springi, na hapo dampa ni kupoteza pesa bure.

Tuanze na milango sita ya juu, maana ndiko kazi nyepesi iliko.

Baada ya jaribio la vidole vitatu, shika ukingo wa mlango upande wa kishikio uunyanyue kidogo. Mlango mzima hauchezi zaidi ya milimita moja hivi. Ukicheza sana, fungua utazame ni wapi panapocheza. Kama ni skrubu zilizolegea kwenye bodi, hilo linatibika. Kama ni pini za bawaba yenyewe, bawaba hiyo imekwisha. Ukiwa hapo angalia kutu. Mbezi Beach chumvi ya bahari inafika jikoni, na bawaba za bei nafuu zinaanza kuoza kwenye springi na kwenye viungo kabla hujaona kitu nje. Ukiona unga wa kahawia ndani ya kikombe, au ukisikia mkwaruzo mlango unapozunguka, usihangaike na dampa hapo.

Tuseme milango minne imepita na miwili imeshindwa, maana kwenye majiko ya zamani ndivyo ninavyokuta mara nyingi, na anayeshindwa kwanza ni mlango wa juu ya jiko la gesi, unaopigwa na mvuke kila siku. Ile minne iwekee dampa, moja kwa kila mlango. Ile miwili ibadilishe bawaba.

Kwenye kuifunga dampa, watu wengi wanakosea mahali. Karatasi ya pakiti inaonyesha picha ya kona ya juu upande wa kishikio na watu wanaifuata wakiwa wamefumba macho. Lakini umbali kutoka kwenye bawaba hubadilisha kila kitu. Chukua mlango wa upana wa milimita 450 na dampa yenye mwendo wa milimita 10. Ukiifunga milimita 400 kutoka bawaba, inaanza kazi ukingo wa mlango ukiwa umebakiza milimita 11 tu. Mpaka hapo mlango umeshachukua kasi yake yote, unaigonga dampa kama nyundo, halafu unasimama ghafla. Tena pale mbali dampa ina mkono mrefu wa kumshinda springi, kwa hiyo kama springi ni ya zamani mlango unaweza kubaki wazi kidogo, kama ile ya chini. Ukiisogeza hadi milimita 60 kutoka bawaba, inaanza kazi ukingo ukiwa bado umebakiza milimita 75. Inauwahi mlango mapema na springi inaishinda kirahisi. Tatizo lake ni kwamba pale karibu na bawaba mlango unatembea polepole mno na mkono wa dampa ni mfupi, kwa hiyo mlango mzito unapita kana kwamba hakuna kitu.

Ndiyo maana siifungi kwa skrubu mara ya kwanza. Ninatumia gundi ya utepe ya pande mbili. Naibandika dampa chini ya bodi ya juu ya kabati, mahali pa theluthi mbili kutoka bawaba, yaani kama milimita 300 kwa mlango wa 450, kisha nauachia mlango mara tatu: kutoka wazi kabisa kwa msukumo wa kawaida, kutoka upana wa kiganja, na kutoka upana wa kidole kimoja. Jaribio la mwisho ndilo lenye ukweli, kwa sababu pale mlango hauna kasi ya kuusaidia, umebaki na springi peke yake. Ukibaki wazi, isogeze dampa upande wa bawaba sentimita tano tano mpaka ufunge. Ukifunga kwa kishindo, isogeze upande wa kishikio. Ikipata mahali pake ndipo unatoboa na kukaza skrubu.

Kuna kipimo cha pili, cha mbele na nyuma. Bonyeza ncha mpaka mwisho kwa kidole: ikiwa imezama, kichwa chake kiwe sawasawa na ukingo wa mbele wa bodi ya kabati. Ikitokeza hata milimita mbili, mlango hautakaa, na ukiulazimisha utakuwa unang'oa skrubu za bawaba kidogo kidogo kila siku. Ikirudi nyuma sana, mlango unafika kwenye bodi kabla dampa haijamaliza kazi na unasikia kile kishindo kidogo cha mwisho. Zile nukta za mpira zilizoko kwenye kona za milango ziache, ila kama ni nene kuliko milimita mbili zibadilishe, kwa sababu nazo zinaula mwendo.

Sasa ile milango miwili ya kubadilishwa bawaba. Bawaba za kufunga polepole zinazouzwa Kariakoo, zile ambazo muuza duka anaziita softi klozi, ni bawaba zilezile za kikombe ila dampa imefichwa ndani ya kikombe au ndani ya mkono. Uzuri wake kwako ni kwamba tundu la kikombe karibu kote ni la milimita 35, na tundu lako la zamani lipo tayari. Kampuni ya Blum ya Austria ilipoleta mfumo wake wa Blumotion kwenye bawaba haikubadilisha tundu, na wengine hivyohivyo. Bawaba mpya itaingia kwenye shimo la zamani. Kinachowaumiza watu ni mambo mengine matatu.

La kwanza ni mkunjo wa mkono. Mkono ulionyooka ni wa mlango unaofunika ubavu wote wa kabati. Wenye mkunjo wa kati ni wa milango miwili inayogawana bodi moja ya katikati, kila mmoja ukifunika nusu. Wenye mkunjo mkubwa ni wa mlango unaoingia ndani. Ukinunua mkunjo usio wake, hakuna kukaza skrubu kutakakokuokoa. Kupima ni rahisi: bandika utepe wa karatasi kwenye ukingo wa mbele wa ubavu wa kabati, funga mlango, piga mstari wa penseli pale ukingo wa mlango unapoishia, kisha fungua upime kutoka uso wa ndani wa bodi mpaka kwenye mstari. Kwa bodi ya milimita 18 ukipata 15 mpaka 17, unataka mkono ulionyooka. Ukipata 7 mpaka 9, unataka wa kati. Pima kila mlango peke yake. Kwenye kabati refu la milango mitatu au minne utakuta mikunjo miwili tofauti, na fundi wa zamani hakukuandikia.

La pili ni skrubu za pembeni ya kikombe. Umbali kati ya tundu moja na jingine haufanani: kuna wa milimita 45, wa 48, wa 52. Ukitofautiana na wako kwa milimita tatu, tundu jipya linaangukia kwenye ukingo wa la zamani, na skrubu inaponyoka. Usijaribu kulikwepa kwa kuipinda skrubu. Ziba tundu la zamani kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi nyeupe, subiri mpaka kesho, kata kwa patasi, ndipo utoboe upya. Njiti za meno zinafanya kazi kwenye mninga, lakini kwenye chipubodi iliyokwisha legea siziamini, natoboa tundu la milimita 8 na kuingiza kijiti cha unene huo. Bodi ikiwa imevimba kwa maji, basi hata kijiti hakina cha kushika, mlango huo unahitaji bodi mpya na tusidanganyane.

La tatu ni kitako, kile kipande kinachofungwa ubavuni mwa kabati na mkono unakikalia. Mkono wa kampuni hii hauingii kwenye kitako cha kampuni ile, hata vikionekana kama pacha. Nunua vyote viwili pamoja. Halafu linganisha na kitako cha zamani kimo chake kutoka ubavuni. Kitako kirefu zaidi kinausukuma mlango mbali na ubavu, kwa hiyo mlango uliokuwa unafunika milimita 16 unaweza kuanza kufunika 14 bila wewe kugusa kitu.

Watu huuliza kama inatosha kubadilisha bawaba moja kwenye mlango na kuiacha ile nyingine ya zamani. Mimi sifanyi. Bawaba mbili za aina tofauti hazizungukii mahali pamoja, moja inauvuta mlango ndani wakati nyingine bado inauzungusha, na wa kuumia ni skrubu. Lakini kuweka mpya mbili za kampuni moja, moja yenye dampa na moja isiyo nayo, ni sawa kabisa, na kwa mlango mdogo ndivyo inavyotakiwa. Mlango wako wa melamini wa 700 kwa 450 una kilo nne na kidogo. Bawaba mbili zenye dampa zinautosha. Ule wa 300 kwa 350 wa juu ya friji ni mwepesi mno: ukiuwekea dampa mbili utafunga kama mzee anayepanda ngazi, na huenda usifike. Bawaba nyingi nzuri zina kiswichi kidogo juu ya kikombe au mkononi cha kuizima dampa, kwa hiyo unazima moja na kuacha nyingine. Ukiweza, nunua zenye kiswichi.

Ukishafunga, rekebisha kabla ya kulaumu. Skrubu ya mbele ya mkono inaupeleka mlango kushoto na kulia, ya nyuma inausogeza karibu au mbali na kabati, na ya kitako inaupandisha au kuushusha. Acha milimita 3 kati ya milango miwili inayokutana. Mlango unaomgusa mwenzake hata kwa ukingo tu utasimama katikati ya safari, na utadhani bawaba ni mbovu.

Twende chini kwenye mninga, ambako nakuomba uvumilivu kidogo.

Pale una njia mbili. Ya kwanza ni kuiacha milango ilivyo, kutoa dampa, kuacha sumaku, na kubandika nukta laini za mpira au za kitambaa kizito mahali mlango unapogonga. Kisha uisogeze sumaku mbele kiasi cha unene wa nukta, vinginevyo haitanasa. Kelele itapungua kwa kiasi utakachokishangaa, kwa sababu sehemu kubwa ya kishindo cha mlango wa mbao ngumu ni chuma kugonga sumaku na mbao kugonga mbao. Haitafunga polepole. Lakini ni kazi ya saa moja na haitoboi kitu.

Njia ya pili ni kuingiza bawaba za kikombe zenye mkunjo mkubwa, zile za mlango wa ndani. Hii ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu, na inafaa tu kama mlango una unene wa milimita 18 au zaidi pale kikombe kitakapokaa. Kikombe kinazama milimita 12 hadi 13. Kwenye mlango wa milimita 20 unabakiwa na 7 hivi, panatosha. Kwenye mlango wa 15, ile ncha ya katikati ya biti inaweza kutokea upande wa pili, na mninga ukitobolewa usoni hauna siri tena. Pima kwenye fremu ya mlango, pale kikombe kitakapoingia. Kile kibao chembamba cha katikati hakihusiki. Na fremu hiyo iwe na upana wa kutosha kukichukua kikombe chote kikiwa milimita 5 kutoka ukingoni, yaani kituo cha tundu kiwe milimita 22 na nusu kutoka ukingo wa mlango. Kwa urefu, kituo kiwe milimita 80 hadi 100 kutoka juu, na vivyo hivyo kutoka chini.

Lakini kazi kubwa haiko mlangoni, iko ndani ya kabati. Kitako cha bawaba kinataka kukaa sawasawa na ukingo wa ndani wa fremu ya kabati, na kwenye kabati lenye fremu pale nyuma pana uwazi. Nikupe mfano wa kabati nililolifanyia kazi, la umbo kama la kwako. Mguu wa fremu ulikuwa na upana wa milimita 45, na ubavu wa kabati nyuma yake ulikuwa plaiwudi ya 18. Baki ni 27. Nilichana kipande cha mbao cha unene wa milimita 27, nikakipiga randa mpaka kikawa sawa na ukingo wa fremu kwa kupapasa na kidole, nikakifunga ubavuni kwa gundi na skrubu. Kitako nikakifunga juu ya kipande hicho. Kwa mlango unaofunika, kitako hukaa milimita 37 kutoka mbele. Kwa mlango wa ndani unaongeza unene wa mlango, kwa hiyo kwa mlango wa 20 nilipiga mstari kwenye 57. Kampuni nyingine huongeza milimita moja au mbili zaidi, kwa hiyo soma karatasi ya bawaba uliyonunua kabla ya kutoboa.

Kama kabati lako la chini ni la matofali na zege, kama yalivyo majiko mengi ya zamani ya Dar, fremu ya mbao imepachikwa tu mbele ya ukuta. Kipande cha kujazia unakifunga ukutani kwa plagi, na kabla ya hapo upapase ukuta. Ukiwa na unyevu, hasa ule wa chini ya sinki, tafuta kwanza bomba linalovuja.

Pia kabla hujakubali kazi hii kumbuka kwamba mninga ni mbao nzima, na mbao nzima hunywa unyevu. Mlango uliokaa vizuri mwezi wa Januari unaweza kuanza kukwaruza fremu masika yakianza. Kwa bawaba ya kawaida unausukuma kwa goti na maisha yanaendelea. Kwa bawaba ya kufunga polepole, huo mkwaruzo mdogo unatosha kuusimamisha mlango. Kwa hiyo acha milimita 3 kuzunguka mlango wote, piga randa kama hazipo, na kingo zilizopigwa randa zipake vanishi siku hiyohiyo. Mlango pima uzito wake pia: panda kwenye mizani ya bafuni ukiwa umeubeba, kisha bila kuubeba. Ukizidi kilo 6 weka bawaba tatu, hata kama kwa urefu wake mbili zingetosha.

Ningekuwa mimi, mitano ya chini ningeigawa. Ule wa chini ya sinki na ule wa mitungi ya gesi ningeiwekea nukta za mpira basi, haifunguliwi mara nyingi na unyevu wa sinki utaila bawaba yoyote mpya. Ile mitatu ya vyombo na chakula, inayofunguliwa kutwa, ningeifanyia kazi kamili, lakini baada ya kumaliza mmoja na kuutumia wiki mbili. Kama fundi wako hawezi kukuonyesha mlango mmoja uliokaa, usimpe ile miwili iliyobaki.

Kuhusu kidole cha mtoto: dampa na bawaba hizi zinapunguza kugongwa upande wa kishikio tu. Upande wa bawaba, pale mkono unapojikunja, kidole kinabanwa kama zamani, na kwenye bawaba mpya springi huwa kali zaidi kuliko ile ya zamani uliyoizoea. Milango ya chini ndiyo anayoifikia, kwa hiyo kule kwenye nukta za mpira tafuta zenye unene wa milimita 3 hadi 4, na sumaku uisogeze mbele kwa kiasi hichohicho, ili ukingo ubaki na uwazi kidogo.

Dukani usinunue bawaba zote kwa mara moja. Nenda na ile bawaba ya zamani uliyoing'oa, linganisha kikombe, umbali wa skrubu na mkunjo, nunua jozi moja na vitako vyake. Ifungue na kuifunga kwa mkono mara kumi hapohapo kaunta. Mwisho wake unatakiwa ujisikie kama kijiko ndani ya asali, na ufanane mara zote kumi. Ikikwama mara moja kati ya kumi, ndani yake kuna hewa au mafuta yamepungua. Kwa jiko la karibu na bahari ulizia za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304. Ukienda na sumaku, usishangae ikinasa kidogo hapa na pale, springi ndani yake ni chuma cha kawaida hata kwenye bawaba nzuri.

Zile dampa 10 ulizonazo, nne zitaingia juu na sita zitabaki. Ziweke droo ya jikoni. Siku moja utaona doa la mafuta chini ya ncha ya mojawapo na mlango wake utaanza tena kugonga. Usiipulizie mafuta ya kulainisha, yanakusanya vumbi na unga wa ngano na kuigandisha ncha. Itoe, weka nyingine kwenye matundu yaleyale.